Kadi Iliyojazwa Kisomo

Mke wangu alipenda kupiga picha, kupigwa hakutaka. Akiona mbuzi wa jirani amepanda juu ya kinu, simu iko mkononi. Nikiwa shambani napuliza dawa mikorosho, uso nimeufunga kitambaa kama jambazi, ananipiga kwa mgongo na kucheka peke yake. Lakini ukitaka kumpiga yeye, anageuka. Alisema sura yake anaijua, haoni sababu ya kuitunza.

Kwa hiyo alipofariki, kwa homa iliyomchukua wakati binti yetu hajaanza hata kutambaa, nilipekua nyumba nzima pale Kitangari na sikupata uso wake popote. Ndoa yetu ilifungwa bila mpiga picha. Kitambulisho chenye picha hakuwa nacho. Nilipita kwa majirani kuuliza simu zao, wakanionyesha sherehe tulizokwenda, naye yumo: bega, ncha ya mtandio, mkono umeshika sahani. Nilikasirika naye kama yu hai. Mtu gani anaishi duniani namna hiyo, kama mgeni asiyetaka kuacha alama.

Picha moja ilikuwepo, na niliijua. Siku aliyotoka zahanati na mtoto, jirani yetu alichukua simu ya mke wangu na kumpiga kabla hajageuka. Amekaa mlangoni, mtoto kifuani, anaangalia mbele. Usiku ule mke wangu aliniwekea simu usoni tukaitazama, akasema ananuna kama amekula ndimu, lakini hakuifuta. Ilikuwa kwenye memori kadi ya simu yake, kwa sababu simu yenyewe ilikuwa ya bei ndogo na haikuwa na nafasi ya kuweka kitu.

Wiki ya msiba niliichaji ile simu. Ilikuwa imezima yenyewe chaji ilipokwisha, hakuna aliyeijali wakati tunahangaika na mgonjwa. Ikawaka. Nikafungua picha, hakuna kitu. Juu kukatokea maneno kwamba kadi imeharibika, niguse hapo ili itengenezwe.

Kidole kilikwishafika. Kilichonizuia ni uoga tu. Mimi kitu nisichokijua sikibonyezi. Nikampigia fundi mmoja wa Masasi, mwenye studio ya picha na kibanda cha simu kwa pamoja, aliyewahi kunitengenezea simu msimu wa korosho. Akanisikiliza, akanipa pole ya msiba, halafu akasema polepole kama anayemsomea mtu masharti.

"Usiguse hapo. Hiyo 'tengeneza' yao maana yake ni kufuta ianze upya. Usipige picha nyingine na hiyo simu, usiingize chochote. Izime, itoe kadi, iweke pakavu, uniletee. Picha zinatolewa kwanza. Kutengeneza kadi ni baadaye, na pengine isitengenezwe kabisa."

"Zimo?"

"Kama hakuna aliyeandika juu yake, nadhani zimo. Kadi inasema ni tupu kwa sababu imepoteza njia ya kuzifikia."

Nilizima simu, nikakaa kitandani nikalia kwa furaha. Nasema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa kaburi lilikuwa bado na udongo mbichi.

Lakini nilikuwa mfiwa, na kwetu mfiwa hasafiri mpaka arobaini isomwe. Wazee walinikatalia, na sikubishana, kwa kuwa nilifikiri kadi haiendi popote. Niliitoa, nikaifunga kwenye karatasi ya dawa na kuiweka kwenye sanduku la nguo zake pamoja na simu.

Siku ya arobaini ndugu zake walikuja kutoka Newala, wakiongozwa na mjomba wake, kaka wa mama yake. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama, na vitu vya marehemu mjomba ndiye anayevigawa. Mume ni mtu aliyeoa pale, anapewa anachopewa. Sanduku likatolewa uani. Kanga hizi kwa fulani, sufuria hizi kwa fulani. Simu ikaenda kwa mdogo wa kike wa marehemu, na kile kikaratasi juu yake.

"Mjomba," nikasema, "simu ni halali yake. Naomba hiyo kadi tu ibaki. Ndani mna picha ya mama na mtoto."

Mjomba aliigeuza kadi kiganjani. Hakuwa mtu mbaya. "Mkwe, kitu cha marehemu hakimegwi. Simu ikitoka, inatoka na vitu vyake vyote. Ukianza kubakiza kipande, na marehemu unambakiza nusu humu ndani. Shemeji yako atakutunzia."

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa amevimba macho kwa kulia, na kila nilipomwangalia niliona kidevu cha dada yake. Nikamweleza yote aliyoniambia fundi: asiiweke kwenye simu, ikisema imeharibika asiguse, nikimaliza kuvuna nitaifuata tuipeleke Masasi. Aliitikia kila neno. "Nimeelewa shemeji. Sitaigusa."

Na hakuigusa, kwa namna yake.

Mavuno yalipokwisha nilimfuata Newala kwake, akanipokea vizuri mno. Shikamoo, marahaba, maji ya kunawa, mihogo ya kuchemsha. Kisha akaileta simu ya mke wangu, ameivisha kava jipya, akaiweka mkekani mbele yangu na kuibonyeza. Ikaanza kusoma Qur'ani. Sauti nzuri, ya msomaji wa mbali. Akakaa kimya na viganja wazi mpaka sura ikaisha.

"Ilikuwa tupu, shemeji," akasema. "Nikaona kitu cha dada kisikae tupu hivi. Nikampelekea yule kijana wa sokoni anayejaza watu nyimbo, nikamwambia nyimbo hapana, jaza kisomo. Amejaza kote, mpaka ikakataa. Nafungua kila alfajiri, thawabu zimfikie."

"Nilikuambia usiguse."

"Sikugusa mimi. Aliyeitengeneza ni yeye. Na picha zako alisema hakuna, alitazama kabisa mbele yangu."

Mtu akikuibia unajua la kufanya. Huyu alikuwa amempa dada yake kitu bora kuliko vyote anavyovijua, kila alfajiri, na mimi nilikuwa nimekaa pale natamani kumpiga kofi. Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji la nyumba yake. Nilichukia kile kisomo, astaghfirullah, nilikichukia, nikaogopa kwamba nimekichukia. Niliporudi ndani nilimwambia ahsante. Nikamwomba kadi kwa siku chache, akanipa, akaniuliza kama nitaichelewesha, maana dada angebaki bila kusomewa.

Kesho yake nikateremka Masasi. Fundi aliichukua kadi, akaichomeka kwenye kadi kubwa kidogo yenye kitufe ubavuni, akakisukuma kitufe.

"Nimeifunga. Kompyuta isome tu, isiandike." Halafu akauliza, "Kuna aliyeitia mkono?"

Nikamwambia. Akaacha alichokuwa anafanya.

"Kufomati peke yake si tatizo kubwa," akasema. "Ni kama mtu kung'oa vibao shambani, mihogo bado imo ardhini, unaichimbua. Ila ukishalima pale pale ukapanda kitu kingine, mihogo umeing'oa. Walijaza kiasi gani?"

"Mpaka ikakataa."

Akaichomeka kwenye kompyuta. Kwanza akainakili kadi nzima kwenye kompyuta, na zile sehemu zinazoonekana tupu pia, akaitoa na kunirudishia mkononi. Kazi yote, alisema, anaifanyia nakala, kadi yenyewe isisumbuliwe tena. Nilikaa kwenye kiti cha wateja wa picha za pasipoti, nyuma yangu pazia la buluu. Watu waliingia, wakanyooshewa shingo, wakapigwa, wakaondoka na nyuso zao nne nne kwenye bahasha. Niliwaonea wivu wote, hata mzee mmoja aliyelalamika kwamba ametoka mweusi.

Kompyuta ilianza kutoa vitu jioni. Sura za Qur'ani zilikuja kwanza, nzima, moja baada ya nyingine. Kisha, kwenye vipande vidogo ambavyo kisomo hakikuvifikia, picha. Mguu wa mbuzi na kinu. Mgongo wangu na bomba la dawa, kamili kabisa. Hicho ndicho Mungu alichoona kinafaa kubaki, mgongo wangu. Halafu fundi akasogeza kiti.

"Njoo uone hii."

Niliujua mlango. Niliijua mbao iliyopasuka juu yake. Chini yake ukaja mtandio wake wa manjano, kisha paji la uso, kisha nyusi, ile ya kushoto imeinuka kidogo kama alivyokuwa anaiinua mtu akimchosha. Baada ya nyusi ikawa kijivu. Kijivu kitupu mpaka chini, palipokuwa na macho yake, na mdomo wa ndimu, na mtoto.

"Subiri imalizie kufunguka," nikasema.

"Imekwisha, kaka. Picha inaandikwa kutoka juu kwenda chini. Hapo chini pameandikwa kitu kingine."

"Hakuna mahali pengine ilipo? Hata ndogo?"

"Simu nyingine huficha nakala ndogo ndani ya picha. Nimeitafuta. Hii haina."

Nikamwomba atazame tena. Alitazama tena, na siku ya pili nilipolala kwa ndugu yangu na kurudi, akawa ametazama kwa programu nyingine. Kijivu kilekile. Maji yakimwagika hayazoleki, watu walinipa methali hiyo kutwa, kana kwamba nilikuwa sijaisikia. Nilimwomba aichape hivyo hivyo. Akasita, akataka kuikata ibaki sehemu yenye rangi. Nikamkatalia, nikasema aiache nzima.

Kadi nilimrudishia shemeji. Hajui. Sikuona faida ya kumwambia kwamba kila alfajiri anapobonyeza, sauti ile inatoka palipokuwa na uso wa dada yake. Anaendelea kusoma, na mimi nikienda Newala nakaa naye mkekani nafungua viganja kama yeye.

Binti yangu sasa anakimbia na kuuliza maswali. Watoto wenzake wana mama, na mmoja alimwambia yeye hakuwahi kuwa naye. Alikuja akilia, nikaona sina budi, nikaitoa ile picha kwenye bahasha. Nikamwonyesha mlango, akautambua, akauonyesha mlango wenyewe kwa kidole. Nikamwonyesha mtandio, paji la uso. Nikamwambia wewe uko hapa, kifuani, na kidole changu kilikuwa juu ya kijivu.

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Baba, mbona mama amejifunika?"

Aliigeuza nyuma kutazama kama uso uko upande wa pili, kisha akanirudishia.

"Mwambie afunue," akasema.