Mkono wa Shemeji Juu ya Bomba

Picha ilinifikia karakanani Mwanza asubuhi, ikiletwa na baharia wa meli ya Nansio. Nyuma yake shemeji yangu alikuwa ameandika: "Linavuja hapa. Njoo na kifaa. Dada yako anasubiri."

Dada yangu alikuwa amelazwa kwenye hospitali ndogo ya kisiwani, mtoto amelala vibaya tumboni, wa kutolewa kwa kupasuliwa. Shemeji alikuwa mtunza majengo hapo hapo. Bomba la kwenda chumba cha upasuaji lilikuwa limeharibika, chumba kimefungwa, na daktari alisema mgonjwa hawezi kuvushwa ziwa kwa hali aliyokuwa nayo. Mwanza nzima fundi bomba wa ukoo wetu nilikuwa mimi.

Niligeuza picha, nikapandwa na hasira. Shemeji amesimama wima, shati limepigwa pasi na kufungwa mpaka kifungo cha shingoni, uso mkavu kama wa mjumbe wa mkutano, na kiganja chake kimefunika kile kiungo chenyewe kinachovuja! Watu wetu ndivyo walivyo mbele ya kamera: lazima ushike kitu, ua, redio, au bega la mkeo. Yeye kashika bomba.

Meli ilikuwa irudi Nansio saa nane mchana. Vifaa vilikuwa adimu miaka ile, na duka lililobaki na vya maji lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi. Yeye alikuwa na sheria yake ili wote wapate: kifaa cha aina moja, mtu mmoja, kimoja tu. Nikikosea, nitafika Nansio na chuma kisichoingia popote.

Nikaweka picha juu ya meza yake, jasho likinitoka.

"Shikamoo mzee. Nisaidie kutazama."

"Marahaba, fundi. Hii kushoto ni tii," alisema, akigusa kile chenye midomo mitatu. "Na huku mwisho, panapokata kona, elbo. Katikati ni mkono tu. Mimi sasa nauza mkono?"

Sikucheka. Kati ya dole gumba na kidole cha shahada palichomoza ukingo bapa wenye pembe. Soketi, kile kiungo cha kawaida cha bomba, ni ya mviringo, haina pembe. Hiyo ilikuwa nati ya yunioni, ile inayounganisha mabomba mawili ili uweze kuyafungua bila kuyazungusha.

"Basi yunioni ya inchi moja," alisema mzee. "Tii yako si ya inchi?"

Hapo nikainama tena juu ya picha. Bomba la kulia lilionekana jembamba kuliko la kushoto. Lakini kitu kilicho mbali na kamera nacho huonekana chembamba. Nikatazama matofali ya ukuta nyuma ya bomba: mistari ilikuwa sawa, matofali ya kulia yana kimo kile kile cha ya kushoto. Basi ukuta haukwenda mbali. Bomba lenyewe ndilo lilipungua. Chini ya kiganja kulikuwa na redyusa pia, kile kiungo kinachounga bomba nene na jembamba.

Nikapima kwa dole gumba la shemeji. Kushoto bomba lilikuwa na upana wa dole moja na nusu kwa nje: hilo ndilo huitwa la inchi. Kulia lilizidi dole kidogo tu: la robo tatu ya inchi. Na ile pembe ya nati ilikuwa upande wa kulia.

"Ya robo tatu," nikasema.

"Una uhakika, fundi?"

"Sina, mzee. Nipe hiyo hiyo."

Redyusa ya akiba niliiokota kwenye vyuma chakavu vya karakana. Ndani ya meli sikukaa. Nilimwomba Mungu, kisha nikamlaani shemeji na shati lake, kisha nikaomba tena.

Nilipofika niliona kwa macho: tii, redyusa, halafu yunioni ya robo tatu, nati imepasuka. Kisha nikamgeukia shemeji.

"Bwana wewe, picha ya bomba unaziba bomba? Ulitaka tuone shati?"

Alifungua koki, na maji yakaruka kutoka kwenye ule ufa, yakanipiga usoni mpaka masikioni.

"Nilifungua maji ili uone linapovuja," alisema akifunga. "Mpiga picha akasema kamera yake ikilowa, hapigi. Na mwingine hapa hatuna. Nikaziba kwa nguvu zangu zote."

Nikafuta uso. Nikazungushia katani na rangi kwenye nyuzi za kufungia bomba ili maji yasipenye, tukafunga yunioni mpya, na giza halijaingia bomba la chumba cha upasuaji likakohoa na kutoa maji. Kulipokucha dada alipasuliwa.

Ile picha ipo ukutani kwa dada mpaka leo. Wageni hucheka ule uso mkavu, huuliza shemeji alikuwa ameshika nini.

"Hapo," dada hujibu, "alikuwa ametushika mimi na mwanangu."