Nusu ya Kichwa cha Babu

Duka la Fundi Hasham lilinukia sabuni ya kunyolea, maji ya moto, na mbao kuukuu za mlango zilizonyonya unyevu wa bahari tangu kabla sijazaliwa. Lilikuwa katika kichochoro chembamba cha Mji wa Kale, chembamba hivi kwamba tuktuk ikipita, waliokaa barazani walikunja miguu. Ndani mlikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye egemeo la kichwa, kioo kilichoota madoa meusi pembezoni, na benchi la wanaosubiri. Babu yangu, mzee Bakari, alinyolewa kichwa chote katika kiti hicho kila Alhamisi ya pili, kwa zaidi ya miaka arobaini. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kwa kuwa macho yake yalikwisha kuingia ukungu, mimi ndiye niliyemshika mkono kumpeleka. Niliketi kwenye benchi, miguu haifiki chini, nikimwangalia fundi akifanya kazi.

Fundi Hasham alikuwa Mhindi mfupi, baba na babu yake vinyozi katika mji huu huu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa kuliko changu. Yeye na Babu walikuwa rika moja na watani. Tukiingia tu alianza: "Bakari, leo tena umekuja na mkeo mdogo? Yule mkubwa ana habari?" Babu alijibu kwamba kinyozi mwenye upara hana haki ya kusema, kwani ni kama fundi cherehani anayetembea uchi. Baada ya hapo walinyamaza wote wawili, maana kunyoa kwa wembe si kazi ya maneno.

Nilikuja kuijua kazi ile kwa kuitazama. Kwanza aliloweka taulo katika maji ya moto, akalikamua na kumfunika nalo Babu kichwa mpaka nywele zilainike. Aliuvunja wembe mpya katikati ungali ndani ya karatasi yake, asijikate, akaitia nusu moja katika mshikio wa chuma. Alikuwa na kisu cha kunyolea cha marehemu baba yake ukutani, lakini alikwisha kuacha kukitumia. Kila mtu na wembe wake, alisema, maradhi ni mengi. Alipaka sabuni kwa brashi akizungusha hadi povu lisimame. Alianza upande wa kulia, kama ilivyo sunna. Alivuta ngozi kwa kidole gumba cha mkono mmoja, na kwa mkono wa pili aliteremsha wembe kwa kufuata njia ya nywele, mapito mafupi mafupi, akifuta povu kwenye kipande cha gazeti. Utosini, mahali nywele za Babu zilipojizungusha kama maji yanayoingia shimoni, aligeuza wembe mara nne. Alipomaliza alisugua kichwa kizima kwa jiwe la shabu lililoloweshwa, na Babu alivuta pumzi kwa meno, maana shabu huuma palipokwaruzwa.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo wembe haukupita. Nyuma ya sikio la kushoto Babu alikuwa na kovu la moto, tangu alipokuwa mtoto akaangukia makaa ya vifuu. Ngozi pale ilikuwa nyembamba na inayong'aa, haikuota nywele. Fundi alilizunguka bila kulitazama, kama mtu anavyozunguka nguzo ya nyumba yake mwenyewe gizani.

Mwaka ule nyumba yetu iliuzwa. Ilikuwa ya urithi, warithi walikuwa wengi, na hakuna aliyeweza kuwanunulia wenzake fungu lao. Mjomba alituita Kitale, Babu na mama yangu na mimi. Safari ilipangwa siku ya Ijumaa, baada ya sala. Niliambiwa kwamba huko asubuhi mtu huona pumzi yake ikimtoka kinywani kama moshi. Nilikitaka kitu hicho kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Nalieleza hili kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo.

Kwani mimi nilikuwa na siri. Kila jioni nilimpaka Babu mafuta ya nazi kichwani, na tangu mwezi wa Ramadhani niliona kovu limefunguka. Kilikuwa kidonda kidogo kama punje ya dengu, kikawa kama kunde. Kingo zake ziliinuka, zikawa ngumu. Kiliota gaga, gaga likabanduka, damu ikatoka, kisha kikaanza upya. Foronya za Babu nilizifua mimi, na madoa niliyaona. Babu alisema: "Usimwambie mamako. Ataanza mambo ya hospitali, na safari itaharibika." Sikusema.

Alhamisi ya mwisho tulikwenda baada ya alasiri. Hakukuwa na mteja mwingine. Fundi alimtania Babu kwamba huko Kitale watamnyoa kwa mundu wa kukatia nyasi, na Babu akacheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Taulo, wembe, povu. Upande wa kulia ulikwisha, ukang'aa. Fundi akahamia upande wa kushoto, akalikunja sikio mbele kwa vidole viwili, akasimama hapo. Akaweka wembe chini.

"Bakari, hiki bado kipo."

"Nilikwambia nimejikuna."

"Uliniambia hivyo kabla ya Idi. Ukaniambia tena baada ya Idi. Mara ya tatu nilinyamaza, kwa sababu kinyozi hasemi ya kichwa cha mtu. Baba yangu alinifundisha hivyo. Lakini sasa mwenda, na huyo atakayekunyoa huko hatajua hapa palikuwaje."

"Ni kovu tu, Hasham. Nina nalo miaka sitini."

"Ndiyo nasema. Kovu la miaka sitini halifunguki bure. Baba yangu alikuwa na la moto kwenye muundi wa mguu. Likafunguka hivi hivi, kingo ngumu hivi hivi. Akalifunga dawa za majani mwaka mzima. Walipomkata mguu maradhi yalikuwa yamekwisha kupanda." Kisha akanigeukia. "Wewe bibi, wewe ndiye umpakaye mafuta. Chatoka damu?"

Babu alikuwa akinitazama katika kioo. Hakuwa akiona vizuri, lakini alikuwa akinitazama. Nilisema, "Sijui." Fundi alinitazama kidogo, akatikisa kichwa, si kwa hasira. Nadhani alijua.

Akalichukua taulo, akafuta povu lote lililokuwa upande wa kushoto, nywele zikabaki zimesimama pale pale, nyeupe. Akamfungua Babu shuka shingoni.

"Maliza kazi," alisema Babu.

"Simalizi."

"Hasham. Wajua tumekatazwa kunyoa upande na kuacha upande."

"Najua. Dhambi niandikiwe mimi. Kesho asubuhi kamwonyeshe daktari, kisha njoo nimalize, wembe wako nakuwekea."

"Nitakwenda kwa mwingine."

"Nenda. Mwambie ni nani aliyeanza, na kwa nini hakumaliza."

Babu alinyanyuka, akatafuta kofia yake kwa kupapasa, akaivaa mpaka kwenye nyusi. Hakuaga. Hilo kwetu si jambo dogo. Mtu anayehama hutaka radhi kwa anaowaacha, maana hajui kama watakutana. Tulipofika kwa kijana mwenye mashine ya umeme, nyumba tatu mbele, Babu alisimama mlangoni, akasikia mashine inanguruma, akanivuta mkono tukaendelea hadi nyumbani.

Sijui kama Fundi Hasham aliyapigia hesabu yaliyofuata, au yalikuja yenyewe. Adhana ya magharibi ililia, na Babu akaingia uani kutawadha. Kutawadha ni kupaka kichwa maji, na kichwa hakipakwi maji ndani ya kofia. Mama alikuwa uani akifunga masufuria katika gunia. Aliona kichwa kile, nusu kama yai na nusu kama pamba, akauliza nani aliyemfanyia hivi baba yake. Babu akasema ni wazimu wa Hasham. Mama hakuamini kwamba Hasham ana wazimu. Akazunguka nyuma, akakunja sikio kama alivyolikunja fundi, akakiona. Hakupiga kelele. Aliosha mikono na kukaa juu ya gunia.

Ijumaa ile basi liliondoka bila sisi. Daktari alikata kipande kidogo akakipeleka kupimwa, na baada ya siku kumi na mbili akasema ni saratani ya ngozi iliyoota ndani ya kovu, na kwamba haijashuka kwenye tezi za shingo. Walikikata kwa mapana, wakatoa ngozi ya pajani wakaipandikiza pale. Nywele za upande wa kushoto alizinyoa muuguzi, kavu kavu, bila taulo, na Babu alilalamikia wembe ule kuliko alivyolalamikia upasuaji.

Tulikaa kwa shangazi, Makupa, wiki tano. Mama alimsihi Babu aende kwa Fundi Hasham, walau kumpa mkono. Babu alisema: "Alinidhalilisha mbele ya mtoto." Mtoto ndiye mimi. Ningeweza kusema kwamba sikuona udhalilifu wowote, na kwamba foronya nimezifua mimi. Sikusema hilo pia. Tukaondoka hivyo hivyo. Kitale niliiona pumzi yangu, na ilikuwa pumzi tu.

Babu aliishi miaka minane zaidi. Kidonda hakikurudi. Tulimzika huko huko Kitale, na mwaka huu, nilipopata nafasi, nilishuka Mombasa. Duka la Fundi Hasham sasa linauza vifuniko vya simu. Vinyozi wamejaa mjini, vijana wazuri, mashine zao zinakata kichwa kwa dakika kumi, na mwezi ujao anayekushika kichwa ni mwingine. Hata mimi msusi wangu ndivyo alivyo. Ana mikono myepesi na maneno matamu, lakini hajui nyuma ya masikio yangu palikuwaje mwaka jana, wala hana pa kujulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Zamani ilikuwa vigumu kuficha, kwa sababu palikuwa na mtu anayeyaona.

Mjane wa Fundi Hasham nilimkuta ghorofani, juu ya duka, mwanamke mzee sana. Fundi alifariki miaka mitatu baada ya sisi kuondoka. Mjane alinipa chai ya maziwa, na nilipojitaja akanishika kifundo cha mkono. Akaniambia kwamba mumewe alikuwa akiuliza kila mtu aliyetoka bara kama anamjua mzee Bakari wa Kitale, yuko hai au la. Hakuna aliyemjua. Nikamwambia: miaka minane, mama. Akaihesabu kwa vidole, taratibu, kisha akaniuliza lile ambalo nadhani mumewe alimwachia aulize.

"Na alimsamehe?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Nilimwambia kwamba sikupata kumsikia Babu akilitamka. Nikamwambia na ninachokijua: kwamba huko Kitale alifuga nywele mpaka zikafika mabegani, Babu ambaye maisha yake yote alinyoa, na kila mara mjomba alipomletea kinyozi alimrudisha mlangoni, akisema kichwa chake kina mwenyewe.

Bibi yule alinyanyuka. Akafungua kabati, akatoa wembe aliowekewa Babu, ungali ndani ya karatasi yake, akauweka kiganjani mwangu.