Rangi ya Mvule Mpya

Ukimkuta Laurensia dukani kwake Kayanga ukamwomba akuchoree picha ya kabati, atakuuliza maswali mpaka ujute kuingia. Mbao gani? Imeranduliwa lini? Itapakwa nini? Dirisha liko upande gani? Wateja humtania kwamba anaihoji mbao kama polisi. Naye hucheka kidogo, kisha huinama kwenye kompyuta. Alikojifunzia maswali hayo hapendi kukusimulia.

Duka lake ni la kopi na picha za pasipoti. Miaka miwili iliyopita aliongeza kazi ya picha za akili mnemba, zile za kuandika maneno na kompyuta ikachora. Mafundi seremala waliipenda haraka. Mteja anaoneshwa kitanda chake kabla msumeno haujagusa ubao, ubishi unapungua.

Mwanzoni picha zilimtia aibu. Aliandika "meza ya mbao", ikaja meza ya rangi ya chungwa inayong'aa kama beseni. Aliandika "chuma", kikaja kioo. Ndipo akaelewa kwamba kompyuta haijawahi kushika kitu chochote maishani mwake, maskini, na kwamba ukiiambia "mbao" tu inakupa mchanganyiko wa mbao zote ilizowahi kuona. Ilitaka kuambiwa kile ambacho kidole kingejua. Chuma cha pua akakiandika kuwa kimesuguliwa kuelekea upande mmoja, kina mistari myembamba ya kulala na mng'ao uliofifia. Kikatokea kama kilivyo. Zege alilitajia vitundu vya hewa na alama za mbao zilizolishika lilipomwagwa. Ngozi ya kochi aliipa vinyweleo, na mikunjo pale watu wanapokalia. Akajifunza pia kufunga kila neno mahali pake, maana siku moja alitaja ngozi, chuma na mbao kwa mkupuo mmoja akaletewa stuli yenye miguu ya chuma iliyoota vinyweleo. Mafundi waliiweka picha hiyo kwenye simu zao mwezi mzima.

Maneno yote aliyaandika kwenye daftari. Alilipenda daftari lile kuliko kitu chochote dukani.

Sasa, Adelard. Huyu ni baba mdogo wa Laurensia, seremala, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Hakuwa tajiri, lakini kuanzia Ihembe mpaka Kituntu watu walijua jambo moja juu yake: Adelard akikwambia hii ni mvule, ni mvule. Hakuchanganya mbao. Jina hilo ndilo lililokuwa shamba lake na ng'ombe wake.

Bwana Placidius, mfanyabiashara wa kutoka Muleba, alipojenga nyumba ya wageni pale Kayanga, alitaka kaunta ya mapokezi ya mvule. Adelard alikuwa na mbao za mvule wa babake, uliokatwa kibanjani, shamba la nyumbani kwao Ihembe, miaka mingi iliyopita, akazihifadhi darini zikauka vizuri. Zilikuwa za mwisho. Alikubali kuzitoa kwa sababu kaunta ile ingeonwa na kila mgeni.

Laurensia akapewa kazi ya picha, na akaahidiwa kwamba ikipendeza atachora vyumba vyote kumi na vinne. Akaketi, akafumba macho, akaiwaza meza ya nyumbani Ihembe, ya mvule uleule, aliyolia ugali na matoke tangu utotoni. Vidole vyake viliijua. Akaandika: mvule, nyuzi za ubao zilizopishana, mawimbi hafifu, mafuta bila vanishi, rangi ya kahawa iliyokaangwa, mwanga wa dirisha kutoka kushoto; chini, bamba la chuma kilichosuguliwa; nyuma, ukuta wa zege.

Picha ilikuwa nzuri mno. Placidius aliichapisha ikafunika nusu ya ukuta.

Adelard aliitazama akatabasamu. "Hii ni meza ya baba," alisema. "Itafika hapo."

Laurensia alifurahia sifa, hakuuliza maana yake.

Kaunta ilipoletwa, ilikuwa ya njano. Si njano mbaya, ni ile ya mvule ukishaupitishia randa, kama asali mpya. Nyuzi zilikuwa zilezile, bamba lilikuwa lilelile. Lakini pembeni yake ukutani ilining'inia picha, ya kahawia nzito.

"Mzee Adelard," Placidius alisema mbele ya mafundi rangi na wafanyakazi wake, "huu ndio mvule?"

"Ndio wenyewe. Mvule mpya huwa hivi. Upe mwanga na muda, utaiva."

"Kila fundi ana maelezo yake. Mimi nilioneshwa hii." Akaigonga picha. "Umeniwekea mbao gani?"

Adelard hakukasirika. Alimgeukia Laurensia, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mweleze. Wewe ndiye uliyeandika."

Jibu lilikuwepo. Aliandika rangi ya meza yenye miaka arobaini kwenye kaunta ya siku tatu. Maneno mawili tu, "iliyoranduliwa karibuni", na picha ingesema kweli. Lakini aliwaza vyumba kumi na vinne, akawaza pia aibu ya kukosea neno mbele ya watu waliomwita mtaalamu.

"Rangi huwa inachaguliwa na kompyuta," alisema. "Mimi nafuata mbao ninazotajiwa."

Adelard alimwangalia mara moja, kisha akaangalia chini.

Jioni hiyohiyo Placidius aliamuru kaunta ipakwe rangi ya kahawia. Adelard aliipaka mwenyewe kwa mikono yake, na nyuzi za mvule wa babake zikazama chini ya rangi. Ilipokauka ilifanana na mbao za paina za bei rahisi. Baada ya hapo maneno yakatembea yenyewe sokoni: Adelard naye siku hizi anachanganya. Wateja wakapungua. Mwaka haukuisha, akafunga karakana akarudi Ihembe kwenye kahawa na migomba. Laurensia alichora vyumba vyote kumi na vinne, akasifiwa, na sifa zile hazikumpa raha hata kidogo.

Siku ya kaunta, Adelard alikuwa amempa kipande cha ubao kilichobaki, azuilie karatasi. Kilikaa dirishani mwa duka. Laurensia alikuwa akikiona kila siku, kwa hiyo hakukiona. Mpaka asubuhi moja, miezi kumi na minane baadaye, alipokiinua kufuta vumbi akashtuka. Akafungua picha ya zamani, akakilaza kipande pembeni. Kilikuwa kimeshika njia moja na picha. Njano yote ilikuwa imekwenda, na kahawia ilikuwa inaingia, jua lilipopiga zaidi ikiwa imekolea zaidi.

Alilia pale dukani, mteja wa kopi akaondoka.

Akafunga duka, akapanda bodaboda mpaka Ihembe. Alimkuta Adelard akianika kahawa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akamkabidhi kipande. "Ni mimi niliyeandika ile rangi. Si kompyuta. Nilijua siku ileile, nikadanganya."

Adelard aligeuza kipande kwenye jua, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Nilikuwa najua," alisema. "Mvule sikuuhofia, nilijua utafika. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akamrudishia, akaendelea kugeuza kahawa. Laurensia akachuchumaa akamsaidia, na hakuna kati yao aliyetaja karakana.