Kijivu Kilichomponza Darubini

Ofisini walimwita Darubini, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kazi yake ilikuwa kukagua tovuti kabla hazijafunguliwa kwa umma, kusaka kila kitu kitakachomfungia mlango mtu mwenye macho dhaifu. Ukimpa picha ya skrini aliitazama kwanza kwa macho matupu, kisha akaikuza, akaweka ncha ya kipima rangi katikati ya herufi, akasoma uwiano wa mwanga kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake.

"Katikati, jamani, si ukingoni," aliwaambia wageni wa kazi. "Kompyuta hulainisha kingo za herufi kwa rangi hafifu. Ukipima ukingo utamsingizia mtu."

Aliifanya kazi hiyo kwa hasira. Mama yake alikuwa amepofushwa na presha ya macho, na kabla giza halijamfunika kabisa alihangaika sana na maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, eti ndiyo urembo. Urembo wa nani?

Siku hiyo akaletewa picha ya tovuti ya kliniki ya macho. Ya macho! Akacheka, kisha akakunja uso. Kitufe cha kuomba miadi kilikuwa maneno ya samawati iliyopauka juu ya nyeupe, bila fremu wala kivuli. Mtu angejuaje kwamba kinabonyezwa? Uwiano wake mbili na ushee, wakati maandishi ya kawaida yanadai angalau nne na nusu kwa moja. Saa za kliniki na namba ya simu zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Juu kabisa, alama tatu zisizo na neno hata moja: duara, mshale, nyota.

"Nyota ndiyo nini?" alimuuliza mwenzake wa meza ya pili.

"Labda ni ya wagonjwa mashuhuri."

Chini kulikuwa na aya ya maelekezo ya dharura, ya kijivu. Machoni pake ilikuwa kama imelowa maji. Akapima: mbili nukta tisa. Akaandika kwenye ripoti, kwa herufi nzito, kwamba aya hiyo isiporekebishwa tovuti isifunguliwe.

Kikaoni, mbunifu wa ile tovuti, kijana mpole, alifungua faili lake la awali.

"Dada, samahani. Hicho kijivu kimekolea, karibu na cheusi. Ni saba kwa moja."

"Haiwezekani."

"Basi pima tena, sote tuone."

Picha ikakuzwa kwenye skrini kubwa ya ukutani. Darubini akasogea, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kioo. Akaweka ncha. Mbili nukta tisa.

"Uko ukingoni, dada," mbunifu alisema kwa sauti ya chini. "Sogea kushoto kidogo."

Akasogea. Saba.

Meneja akaangua kicheko. "Leo darubini imeingia vumbi!"

"Hilo nimekosea," alisema Darubini. "Lakini kitufe hakionekani, na zile alama hazieleweki. Vipimeni sasa hivi."

"Mteja anataka tovuti leo, mama. Nimwambie mkaguzi wangu hatofautishi kijivu na cheusi? Ripoti hii siipeleki popote."

"Bosi, kwenye kitufe dada ana haki," mbunifu alijaribu.

"Wewe nawe! Si ndiwe uliyekichora?"

Watu wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Darubini hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa akiutazama mkono wake, mkono usiowahi kukosa katikati ya herufi, na alijua fika kwamba mkono hauna kosa. Hufuata jicho.

Jioni mama yake alimsikia akiweka mkoba chini na kukaa bila kusalimia.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Maandishi, mama. Naona kama yamelowa maji."

Mama akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata uso wa bintiye.

"Na mimi nilianza hivyo hivyo," alisema. "Nikajiambia ni uchovu. Daktari aliniambia kilichopotea hakirudi, dawa hulinda kilichobaki tu. Mimi nilimfikia wakati hakuna tena cha kulinda. Omba miadi leo."

Kliniki ya macho mjini ilikuwa moja tu, na sasa miadi yake ilipatikana kwenye tovuti ile ile, ambayo ilikuwa imefunguliwa mchana huo vilevile ilivyokuwa. Darubini aliisogeza simu puani. Kwenye ile picha kitufe kilikuwa juu, mkono wa kulia. Kwenye simu vitu vilikuwa vimepangwa upya, na weupe ulitanda kila mahali. Akabonyeza duara. Akatokea daktari anayetabasamu. Akabonyeza nyota. Hakuna kilichotokea. Namba ya simu lazima ilikuwa chini, kwenye yale mayai ya chawa, na kila alipoikuza ilipanuka ikazidi kupauka.

"Umeshabonyeza?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Natafuta pa kubonyeza."

Mama akasogea karibu naye kwenye kiti, akaielekezea simu uso, kana kwamba wawili wangeweza kuona zaidi ya mmoja.