Moshi Una Ruhusa ya Kuvuka Ua

Nilikuwa karani wa wakili pale mjini Kericho, na jamani, nilijiona msomi! Mke wangu alikuwa na pumu. Chumba chetu kilipakana na tanuri la jirani mwoka mikate, aliyechoma kuni mbichi kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku nyingine mke wangu alikaa mlangoni akihema, nami nikimwogopea.

Nikaandika hati ya madai: jirani ameingilia ardhi yetu. Niliichagua kwa ujanja. Katika shauri la namna hiyo hudaiwi uthibitisho wa hasara, hatua moja tu ndani ya ua inatosha. Nikampelekea wakili nikitegemea sifa.

Akaikata kwa kalamu. "Karani, kuingilia ardhi ni mtu akanyage, au arushe jiwe. Moshi unaletwa na upepo, haushikiki. Hiyo ni kero, sawasawa na kelele. Uthibitishe kwamba moshi umezidi kile majirani wanachovumiliana, ndipo korti itoe amri ya kumzuia."

"Nitathibitisha, bwana. Mke wangu anaugua."

"Kiwanja ni chako?"

Hakikuwa changu. Kilikuwa cha mwenye duka mmoja, sisi alituweka kwa hisani tu. Kero hudaiwa na mwenye haki katika ardhi. Anayelala hapo kwa hisani hana pa kushika, hata akikohoa damu.

Nikakimbilia kwa mwenye duka. "Bwana, shtaki wewe, tafadhali. Mke wangu anaumia."

Akatazama kuni zake zilizopangwa nyuma ya duka. Ndiye aliyemuuzia mwoka mikate kila gogo. "Kama moshi huupendi, hama," akasema. Nihamie wapi? Mjini mtu kama mimi hakupewa chumba hivi hivi. Nilirudi nimejaa hasira, na sikuwa na wa kumfokea.

Kumbe mke wangu alishachoka na sheria zangu. Kesho yake akachukua debe la maji, akavuka ua, akamwaga lote tanurini. Pwaa! Nilipoambiwa nilicheka mpaka machozi.

Kicheko hakikufika mbali. Mwoka mikate alikuja ofisini kwetu, na wakili akampokea. Mimi sikuwa mteja, nilikuwa karani. Hasara? Mikate michache. "Haijalishi," wakili akasema, "amekanyaga kwako, inatosha." Akanitamkia barua ya onyo, nami nikaipiga chapa, kila herufi, mpaka jina la mke wangu.

Jioni nikamsomea, maana hakujua kusoma. Akirudia kuvuka, atapelekwa kortini.

"Na kifua changu," akauliza, "wamekiandika wapi?"

Nikaigeuza karatasi, nikijua upande wa pili ni mweupe. "Hawakukiandika," nikasema. Nje jirani alikuwa akiwasha tena, nasi tukakaa, yeye akihema, mimi nikiwa na aibu ambayo mpaka leo sijaizoea.