Shingo ya Binti wa Dobi

Wifi yangu alikuwa na ugomvi wa kudumu na kola. Mteja akileta shati, hata karibu hajaambiwa, wifi anageuza kola, anaiangalia, kisha anamwangalia mwenye shati. Mtu mzima na ndevu zake anajikuta anajitetea: jua kali, jasho, vumbi. Wifi anasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Na sabuni nayo imepanda bei?" Mtaa mzima ulimwita Bi Kola.

Mimi nimeolewa na mdogo wake, na wifi ndiye aliyenipa kazi ya udobi. Yeye alifua, mimi nilipiga pasi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jengo la maduka: masinki mawili ya saruji, meza yangu ya pasi, kamba za kuanikia uani, na sakafu ambayo sijawahi kuiona ikikauka. Alisimama pale peku kutwa nzima, kwa sababu alisema kandambili zinamtelezesha. Ngozi ya katikati ya vidole vya mikono yake ilikuwa nyeupe, imelegea, imechanika, na miguuni ilikuwa hivyo hivyo, kucha zimenenepa na kuwa za njano. Ilimwasha hadi akawa anajikuna kwa kibanio cha nguo. Alinunua mafuta ya fangasi, akapata nafuu, ikarudi, akanunua tena.

"Ni maji haya," alisema. "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

Maji yenyewe aliyanywa pia, jagi baada ya jagi, kisha mbio chooni. Nilimtania kwamba sisi tunalipia maji mara mbili, ya kufulia na ya wifi. Alicheka sana. Tulicheka wote wawili, wajinga wawili ndani ya chumba cha mvuke.

Basi, ana binti mmoja, yuko sekondari, mnene wa uso mzuri kama mama yake. Shingo ya binti ilianza kuwa nyeusi nyuma na pembeni, kisha kwapani. Haukuwa weusi wa jua. Ngozi ilikuwa nene na laini, ina mistari midogo, ukiipapasa utadhani ni kitambaa cha mahameli. Shuleni wenzake wakamwambia arudi nyumbani akaoge, maana mama yake si dobi? Mtoto akarudi analia, na kwa bahati mbaya akamwambia mama yake sababu.

Bi Kola alilichukulia kama tusi lake binafsi. "Mimi natakatisha kola za watu wote hawa, halafu wewe unatembea na hiyo?" Akaanza na limau. Limau likashindwa, akaleta jiwe la kusugulia visigino. Nikamwambia, "Wifi, huyu mtoto anaoga kuliko mimi na wewe. Bafuni anakaa hadi tunamgongea mlango." Akanijibu kwamba doa halijui maneno, doa linajua kusuguliwa. Nilikasirika, lakini nani anabishana na Bi Kola kuhusu madoa?

Jumamosi moja nikiwa napiga pasi mashuka nilisikia ukelele kutoka uani, ukelele wa mtu anayeungua. Nilitoka mbio. Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mama yake amemshika kichwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una brashi ya kufulia. Kando kulikuwa na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, imefunguliwa. Nikampokonya brashi, nikamtukana wifi yangu mkubwa tusi ambalo sitaliandika, na nikafungulia bomba likatiririka juu ya shingo ya mtoto bila kukoma. Ngozi ilikuwa inachubuka.

"Nilitaka itoke tu," Bi Kola alisema. "Nilitaka itoke."

Tulikwenda kituo cha afya, mimi nimemshika binti, yeye anatufuata nyuma akichechemea kidogo. Nilimwuliza kwa hasira ana nini mguuni. Akasema kuna kidonda kidogo chini ya kidole gumba, cha siku nyingi, hakimuumi.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Aliosha shingo tena, akapaka dawa, akafunika. Hakugomba, na hilo lilitutisha kuliko kugombezwa. Bi Kola akaanza kujieleza: mtoto ni mchafu, amejaribu kila kitu, doa halitoki.

"Halitoki kwa sababu si doa, mama," daktari alisema. "Ni ngozi yenyewe. Mwili unatengeneza kitu cha kupeleka sukari ya damu kwenye misuli, kinaitwa insulini. Sasa mwili wa huyu binti hauisikii vizuri, kwa hiyo unatengeneza nyingi zaidi na zaidi. Ikizidi, ngozi ya shingo na kwapa inakua haraka, inanenepa, inakuwa nyeusi. Hata mkiisugua na msasa."

Bi Kola akaitazama ile shingo iliyofunikwa.

"Ni dalili kwamba kisukari kinaweza kuja," daktari akaendelea. "Nani kwenu ana kisukari?"

"Hakuna," alijibu haraka. "Kwetu hatuna ugonjwa huo."

"Wazazi wako?"

"Mama alikatwa mguu. Kidonda kilikataa kupona. Lakini ule ulikuwa ubaya wa watu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamtazama usoni, akashusha macho hadi kwenye ile mikono yenye vidole vyeupe vilivyochanika. "Nipe mkono, mama. Hii imeanza lini?" Wifi akaleta habari zake za maji. Daktari akamwuliza anakunywa maji kiasi gani. Akamwuliza anaamka mara ngapi kwenda haja. Mimi nilikuwa nimesimama pale, na kila swali lilinichoma, kwa sababu majibu yote niliyajua, na yote nilikuwa nimeyafanyia mzaha.

Wakamtoboa binti kidole: sukari imepanda kidogo, arudi asubuhi bila kula apimwe vizuri. Wakamtoboa mama. Muuguzi aliangalia kile kipimo, akakifuta, akamtoboa kidole kingine, akaangalia tena.

"Ishirini na nne," alisema.

"Ni nzuri?" Bi Kola aliuliza.

"Haitakiwi ifike hata nusu ya hapo," daktari alisema. "Mama, kisukari unacho, na si cha jana. Fangasi wanapenda sehemu yenye unyevu, na sukari ikiwa nyingi mwilini wanapata karamu. Ndiyo maana unapaka dawa na wanarudi. Hebu vua kiatu."

Alivua. Alipoinua mguu nikaziba pua kwa kanga kabla sijajua nafanya nini. Chini ya kidole gumba kulikuwa na tundu, kingo zake nyeupe na ngumu, ndani kuna usaha. Kidole chenyewe kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi. Hicho ndicho kidonda kidogo. Daktari alikisafisha, akachukua kibano, akaingiza ncha yake polepole. Tukasikia mlio mdogo wa chuma kugusa chuma.

Akavuta. Akatoa pini, ile ya washonaji, nusu yake imeliwa na kutu.

Binti alipiga kelele. Mimi nilishika ukuta. Bi Kola alikuwa anaiangalia ile pini kwa udadisi, kama vile imetoka kwenye mguu wa jirani.

"Inatoka kwenye nguo za wateja," alisema. "Huwa wanazisahau humo."

"Haikuumi?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Daktari, nimekwambia haiumi. Si vizuri?"

"Si vizuri, mama. Sukari imeua mishipa ya fahamu ya mguu. Umetembea juu ya chuma na mguu haukuwa na njia ya kukwambia. Na damu haifiki vizuri huko chini, ndiyo maana hakuna kinachopona."

Hapo ndipo ilimwingia. Nilimwona ikimwingia. Akamshika binti mkono, akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Mama yangu naye alikuwa anasema hauumi."

Siku hiyo hiyo alipelekwa hospitali kubwa. Picha ya eksirei ilionyesha uchafu umeshaingia kwenye mfupa wa kidole. Daktari wa upasuaji alituambia wazi kwamba kidole hakiokoki, mguu bado una nafasi, na nafasi hiyo ni ya leo, si ya wiki ijayo. Bi Kola alisaini. Aliniuliza swali moja tu: "Wakichukua mguu, nitafulia nikiwa nimesimama na nini?" Nililia mbele yake, na yeye akanikemea kwamba namlowesha shuka.

Walichukua kidole. Mguu ulibaki. Walimweka kwenye sindano za insulini na dawa za kuua vijidudu, na kidonda kikaanza kuwa chekundu, rangi ambayo wauguzi waliifurahia. Binti naye alipimwa bila kula, akaambiwa yuko ukingoni, hajaanguka: apunguze uzito, aache soda na vitu vitamu, atembee, na shingo nayo inaweza kung'aa taratibu. Aliposikia hivyo alimwuliza daktari mara mbili kama kweli si uchafu. Mama yake aligeuza uso ukutani.

Mume wangu alifika wodini jioni moja, ametoka kazini na mapera kwenye mfuko. Ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Alisimama kando ya kitanda akimtazama dada yake, mguu umefungwa. Akainama amkumbatie.

Bi Kola akamshika kola.

Nilidhani ni mazoea. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kucheka. Aliigeuza kola, akaivuta chini, halafu akabaki ameishika, haiachii. Kicheko kikafa kimoja kimoja.

"Wifi," aliniita. "Njoo uone."

Nilizunguka kitanda. Shingo ya mume wangu ilikuwa nyeusi kutoka nywele hadi mabegani, nene, laini, ina mistari midogo. Naapa nilikuwa nimeiona kila siku ya ndoa yangu. Mashati yake nayapiga pasi mimi. Nililala kando ya shingo hiyo na nikasema ni jua, kwa sababu anafanya kazi juani, na nani anaichunguza shingo ya mumewe?

"Muuguzi!" Bi Kola alipaza sauti, ile sauti yake ya dukani. "Leta kile kipimo chako."

"Dada, acha hizo," mume wangu alisema. "Mimi nimekuja kumwona mgonjwa tu."

"Vua viatu."

"Dada."

"Nimesema vua viatu."

Muuguzi alikuja, akatutazama sote, akamtoboa kidole. Tulisubiri. Mume wangu alikuwa anatazama dari kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Muuguzi alisoma namba, na akaisoma kwa sauti ya chini, lakini wodi ilikuwa kimya kiasi kwamba tuliisikia wote.

Ilikuwa kumi na tisa.

Kisha Bi Kola akauvuta mguu wake uliofungwa kwa mikono miwili, akasogea hadi ukingo wa kitanda, akampa mdogo wake nafasi ya kukaa.