Sista Uwitonze na Jumatano ya Auckland

Ramla Jumaine alikuwa ameuza tiketi za ndege mjini Goma kwa zaidi ya miaka ishirini. Tangu uwanja wa ndege wa mji ufungwe, kazi ilimchosha mara mbili. Kila msafiri alitaka aelezwe upya jinsi ya kuvuka mpaka wa Rwanda na kupanda basi la Kigali kuifuata ndege, na wengi walimsemesha kana kwamba ni yeye aliyefunga uwanja. Jioni alirudi kwake Majengo, akaswali, akalala bila hamu ya kuongea na mutu.

Jumamosi moja ya Juni alikuja Valentin wa Murara. Mama yake alikuwa amefariki, na dada yake, Sista Uwitonze, alikuwa mtawa huko Tahiti, kisiwa cha katikati ya Pasifiki. Watawa wenzake walikuwa wamemkatia tiketi ya Jumanne hadi Auckland, New Zealand. Familia ilibidi imkatie ya kutoka Auckland mpaka Kigali. Mazishi yalipangwa Alhamisi.

Ramla aliitazama ile tiketi ya kwanza. Kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa sita mchana. Akaona ni safari fupi, akamkatia ndege ya Jumanne hiyohiyo, saa kumi alasiri. Kandokando ya saa ya kufika palikuwa na alama ndogo ya kujumlisha na tarakimu moja. Hakuiona.

Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua dirisha la ofisi, simu ilimletea sauti ya Sista. Huko kwake ilikuwa bado Jumapili usiku. Aliongea taratibu, bila lawama. “Mama Ramla, ndege uliyonikatia itakuwa imeondoka kabla mimi sijapanda ya kwangu. Nikitoka hapa Jumanne, Auckland nitaikuta Jumatano.”

Ramla alikaa. Alifungua tena tiketi, akaiona ile alama: +1, yaani kufika kesho yake. Wateja wake walikwenda Dubai, Guangzhou, Brussels. Hakuna aliyewahi kupita kule ambako tarehe inabadilika. Alitafuta siti ya Jumatano, ndege ilikuwa imejaa. Aliyoipata ni ya Alhamisi, ya kumfikisha Kigali Ijumaa asubuhi. Akaichukua, akafunga ofisi, akaenda Murara kwa miguu.

Uani kwa akina Valentin watu waliokuja msibani kutoka Rutshuru walikuwa wamelala kwenye mikeka. Baba yake Valentin, muzee Mbarushimana, alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Ramla alimpa pole, kisha akamwambia wazi kwamba amekosea, na kwamba Sista hatawahi mazishi. Valentin alisimama akaondoka.

Muzee aliuliza polepole inawezekanaje mutu aruke saa chache tu, mchana mtupu, afike kesho yake. Ramla alimweleza kwamba baharini kule kuna mstari usioonekana ambapo dunia imekubaliana tarehe ibadilike. Anayeuvuka akielekea magharibi anahesabu siku moja mbele.

“Hiyo siku inaenda wapi?”

“Haiendi mahali, muzee. Saa anazoishi ni zilezile. Ni kalenda tu inaruka. Akirudi Tahiti, atauvuka tena na kuhesabu siku moja nyuma.”

Ramla alingoja atukanwe, na kwa jinsi alivyochoka, angekubali. Wanaukoo waliuliza kama mazishi yasogezwe. Muzee aliwatazama wale waliolala mikekani, wengine na watoto wadogo.

“Tutazika Alhamisi,” alisema. “Hawa watu wamechoka. Mutoto nitamungojea mimi.”

Wakamzika mama wa akina Valentin Alhamisi asubuhi, kwenye makaburi ya upande wa Munigi. Ramla alikwenda, akasimama nyuma. Saa hizo Sista alikuwa angani, na Auckland aliyoiacha ilikuwa tayari imeingia usiku wa Alhamisi.

Ijumaa mchana Ramla alimpokea mpakani pamoja na Valentin, ambaye bado hakumsemesha. Sista Uwitonze alikuwa mwembamba, miguu imevimba ndani ya viatu vya kitambaa. Ramla alianza kuomba msamaha. Sista akamshika mkono, akasema kwamba yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kisiwani, alimpigia mama simu kumtakia Noeli njema, kumbe Goma walishaamkia siku ya pili yake.

“Alicheka sana,” alisema. Kisha akalia, palepale katikati ya wabeba mizigo.

Valentin alichukua sanduku. Wakapanda teksi wote watatu. Walipofika Murara, muzee alikuwa amesimama barabarani.